Siku moja maishani mwangu: karatasi 94 na swali la tisa

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya adhana, na kitu cha kwanza kukiona mezani ni bunda la karatasi 94 za kidato cha tatu, limefungwa kwa raba. Mwalimu wa mitihani anataka maksi ifikapo saa 10 jioni. Jirani yangu, mtu mwema sana, huniambia kila muhula: "Mwalimu, nyinyi wa hesabu mna raha, mnaangalia jibu la mwisho tu." Leo nimeamua kuandika siku yenyewe ilivyo, ili yeye na wenziwe waone.

Saa 1 na nusu nipo shuleni. Saa 2 hadi saa 4 nina vipindi viwili mfululizo, na kwa leo sina zaidi la kuvisema.

Saa 4 na robo, mapumziko ya chai. Mahamri mawili, chai ya rangi, kalamu nyekundu. Sisahihishi karatasi moja mwanzo hadi mwisho. Nachukua swali moja na kulipitia katika karatasi zote 94, kwa sababu jicho likishalizoea swali halibadilishi ukali katikati ya kazi. Nimeanza na lililo gumu zaidi, la tisa:

(a) Panua (2 − 3x)⁵ hadi kipande chenye x³.
(b) Kisha utumie jibu lako kukadiria (1.97)⁵ kwa desimali tatu.

Lina maksi nne: mbili za njia, mbili za usahihi. Maksi ya kwanza inatoka kwenye mstari ambao wanafunzi wengi huuona kama uchafu tu wa njiani:

2⁵ + 5(2)⁴(−3x) + 10(2)³(−3x)² + 10(2)²(−3x)³

Ukikokotoa hapo unapata 32 − 240x + 720x² − 1080x³, na hiyo ni maksi ya pili. Sehemu ya (b) inataka mwanafunzi aone kwamba 2 − 3x = 1.97, kwa hiyo x = 0.01, aingize (maksi ya tatu), apate 29.67092, aandike 29.671 (ya nne).

Mstari ule wa kwanza ndio ninaousoma kuliko jibu. Kila kipande kina sehemu tatu: namba ya mbele kutoka pembetatu ya Paskali, ile ya safu za namba ambamo kila moja ni jumla ya mbili zilizo juu yake; kipeo cha 2; na kipeo cha (−3x). Vipeo viwili vikijumlishwa lazima vilete 5, kila mara. Nikiona 4 na 1, 3 na 2, 2 na 3, najua mifupa ipo mahali pake, na kilichobaki ni kutazama alama na mabano.

Karatasi ya sita ikaleta kosa ambalo nimelisahihisha miaka yote ya ualimu wangu:

32 − 240x + 240x² − 120x³

Kipande cha pili ni sahihi kabisa, na hapo ndipo kosa hili linapojificha. Huyu ameandika 10(2)³(3x²): kipeo kimeishika x peke yake na kuiacha 3 nje. Kwenye kipande cha pili kipeo ni 1, kwa hiyo kuisahau 3 hakuharibu kitu, naye akaamini yuko sawa. Kwenye cha tatu 3 ilipaswa kuwa 9, kwenye cha nne 27. Hata kama hakuandika mstari wa kati, naweza kurudi nyuma kwa kugawanya. 720 gawanya kwa 240 ni 3, yaani imepotea 3 moja. 1080 gawanya kwa 120 ni 9, zimepotea mbili. Namba zenyewe zinaniambia mkono ulikoteleza. Maksi ya njia ya kwanza hapati, ya usahihi hapati, lakini kwenye (b) ameona x = 0.01 na kuiingiza katika kile alichokuwa nacho. Hiyo ya njia nampa. Moja kati ya nne.

Saa 5 na nusu bado niko chumba cha walimu. Karatasi ya kumi na tisa ina 32 − 192x + 432x² − 432x³. Hiyo 432 inayojirudia ni kitambulisho: ametumia namba za mbele 1, 4, 6, 4, ambazo ni za kipeo cha 4. Sababu yake naijua, maana niliiona ubaoni mwezi uliopita. Amehesabu safu za pembetatu kuanzia ile 1 ya juu kabisa akaiita safu ya kwanza, ilhali ile ni ya kipeo cha 0. Akashuka hadi ya tano kwa hesabu yake, akaangukia ya nne. Vipeo vyake vyote ni sahihi, alama zake zote ni sahihi, na bado kila kipande baada ya 32 kimeharibika. Nimemwandikia pembeni: "Namba ya pili katika safu lazima iwe sawa na kipeo." Ukipanua kipeo cha 5 na namba ya pili ni 4, simama.

Saa 6 na dakika arobaini, maharagwe na wali, dakika kumi na tano.

Halafu zikaja karatasi za alama za kutoa zilizopotea, na hapo ndipo siku ilipoanza kunilemea.

Nilikuwa nimeshapata nane zenye 32 − 240x − 720x² − 1080x³. Namba zote safi, ila kipande cha tatu kina alama ya kutoa badala ya kujumlisha. Wengine waliandika −(3x)², alama ya kutoa nje ya mabano, na hao nawaelewa: kisicho ndani ya mabano hakiguswi na kipeo. Lakini watatu walikuwa na (−3x)² na mabano yake vizuri kabisa, kisha mstari unaofuata −720x². Nikaazima kikokotoo cha mwanafunzi aliyekuwa akipita mlangoni na kubonyeza −3². Kikaleta −9. Nikabonyeza (−3)², kikaleta 9. Mashine inapandisha 3 kwanza, kisha ndiyo inaweka alama ya kutoa. Kwenye karatasi mtoto aliandika mabano, kwenye kikokotoo hakuyabonyeza. Kwa kipeo cha tatu haina athari, −27 inatoka kwa njia zote mbili, ndiyo maana kosa linakaa kwenye kipeo shufwa tu na kila kitu kingine kinaonekana kizima.

Hao watatu maksi ya njia wanaipata. Wale walioiacha alama nje ya mabano hawaipati. Jibu ni lilelile moja, maksi ni tofauti, na mzazi akija kuuliza kwa nini, ni lazima nifungue karatasi zote mbili mbele yake.

Mwalimu wa mitihani alipita mara ya kwanza. "Zimebaki ngapi?" Nikamwambia thelathini na kitu. Akatazama saa yake akaenda.

Sasa karatasi iliyonila zaidi ya nusu saa. Ya binti mmoja anayekaa safu ya nyuma, mkimya. Ameandika:

(2 + 3x)⁵ = 32 + 240x + 720x² + 1080x³

Alama ya kutoa imepotea tangu kunakili swali. Nikapiga duara jekundu, nikashuka kwenye (b) nikitegemea 34.473, kwa sababu hilo ndilo linalotoka ukiweka 0.01 humo. (Na hapo kuna njia rahisi ya kujishuku: 1.97 ni chini ya 2, jibu haliwezi kuzidi 32.) Lakini jibu lake lilikuwa 29.671.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba amebonyeza kikokotoo. Nilishamkuta mwingine asubuhi aliyefanya hivyo. Mpanuo wake ulikuwa na alama za kutoa kote, ambao kwa 0.01 unaleta 29.52692, lakini ameandika 29.67092808 kisha akakadiria. Vipande vinne hata vikiwa sahihi vinaishia 29.67092 barabara. Hizo 808 za mwisho hazitoki kwenye vipande vinne, zinatoka kwenye kubonyeza 1.97 kipeo cha 5. Swali lilisema utumie jibu lako. Maksi ya nne sikumpa.

Binti huyu hakuwa na 808. Nikarudi kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na chini kabisa ya ukurasa, kwa penseli hafifu, nikakuta: 2 + 3x = 1.97, x = −0.01. Kisha 32 − 2.4 + 0.072 − 0.00108. Aliingiza hasi yake, ikageuza kipande cha pili na cha nne, ikaacha cha tatu kilivyo. Kila hatua ni halali kwa mpanuo alioufanya.

Nikamwita mwenzangu wa meza ya pili. Akasoma, akasema, "Jibu ni sawa, Mwalimu, mpe nne zake."

"Sehemu ya (a) hakupanua nilichouliza."

"Basi mnyime ya njia pia. Alama ndiyo iliyokuwa ikipimwa hapo."

Tulibishana hadi kengele ikalia, na yeye ana kipindi. Nikabaki na karatasi. Njia anaijua: namba za mbele 1, 5, 10, 10, vipeo vinashuka na kupanda sawasawa, 3 imepandishwa hadi 9 na 27. Mpanuo wa (2 − 3x)⁵ hakuutoa. Nimempa ya njia, nimemnyima ya usahihi, nimempa zote mbili za (b). Tatu. Ningempa nne ningekuwa nimemwambia kwamba alama ya kutoa haina kazi. Ningempa mbili ningekuwa nimeadhibu kunakili mara mbili.

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Macho yalikuwa yakiwaka, kila (−3x) ilifanana na iliyopita, na karatasi tatu ilibidi nizirudie kwa sababu nilijikuta nimeweka vema kabla ya kusoma. Mwalimu wa mitihani alikuja mara ya pili, safari hii alikaa. Aliondoka na maksi za swali la tisa tu. Maswali mengine nimebeba nyumbani.

Usiku, taa ya mezani. Jirani amepita akaona bunda. "Bado tu?" Nikamvutia kiti, nikamfungulia karatasi ya binti na ile yenye 808, nikamwuliza ipi ina maksi zaidi, maana jibu la mwisho ni lilelile. Amekaa nayo sasa dakika ya tano, kidole kwenye ile penseli hafifu.