Dakika ya 41: siku yangu na kikao cha zabibu

Saa 1 asubuhi. Ujumbe wa Katibu uliingia usiku nikiwa nimeshalala: sauti ya saa 1 na dakika 52, pamoja na faili la maandishi la kurasa 38 lililotolewa na programu ya simu yake. "Dada, nifupishie, jioni nampelekea Mwenyekiti. Sauti usihangaike nayo, maandishi yamekamilika." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nichaji hedifoni kabla hata ya kunywa chai.

Naandika mihtasari ya vikao kwenye kibanda cha steshenari hapa Nzuguni, Dodoma. Kikao cha leo ni cha chama cha wakulima wa zabibu, jina silitaji. Mavuno ya Agosti na Septemba yanakaribia, na wanataka kukodi lori moja la pamoja badala ya kila mtu kuhangaika na bodaboda na makreti yake. Katibu anataka vitu vitatu: nini kimeamuliwa, nini kimebaki, na nani alisimama wapi.

Saa 2. Nasoma kurasa zote 38 bila kusikiliza chochote, kalamu nyekundu mkononi. Nachora duara kwenye tarakimu, majina, saa, na kila kitenzi ambacho kikiongezewa "ha" mbele kinageuka kinyume chake. Kikao kilifanyika chini ya mkwaju, na upepo wa Dodoma mnaujua. Ukurasa wa kwanza Mwenyekiti anafungua kwa "mbuga wenyewe". Alisema "mbukwenyi", anawasalimu watu kwa Kigogo. Ukurasa wa 6 kuna "makuti pora reli", nikacheka peke yangu mpaka kijana wa fotokopi akageuka. Ni Makutupora Red, aina ya zabibu. Makosa ya namna hiyo hayana madhara kwa sababu kila anayesoma anaona ni upuuzi. Ninayoyaogopa ni yale yanayosomeka vizuri.

Saa 3 na nusu. Sasa sauti, lakini dakika kumi za mwanzo tu, kwenye utambulisho. Daftari la mahudhurio lina watu 7, programu imetambua Wazungumzaji 5. Kwa hiyo kuna watu wamegandishwa pamoja, na lazima nijue ni akina nani kabla sijaandika msimamo wa yeyote. Kila mtu anapojitaja naandika dakika na cheo, na neno moja la kunikumbusha sauti yake: Mwenyekiti anakohoa, Mzee wa mizani anavuta maneno. Mzungumzaji 2 akawa wanawake wawili, Mweka Hazina na mama mmoja mjumbe. Wote sauti nyembamba, wote walikaa mbali na simu. Mzungumzaji 4 ni wajumbe wawili vijana waliokaa benchi moja, ila hao hawakusema mengi.

Kusema kweli, dalili ilikuwepo hata kwenye maandishi. Ukurasa wa 15 Mzungumzaji 2 anasema, "Mama Mweka Hazina, wewe unatuambia habari ya hamsini..." Hakuna mtu anayejiita mwenyewe namna hiyo kikaoni.

Saa 5, umeme umekatika. Nikanunua mihogo, nikarudi kwenye ajenda ya lori na chaji niliyobaki nayo.

Hapa ndipo siku yangu yote ilipoishia, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Mweka Hazina anapendekeza kila mwanachama akatwe shilingi 50 kwa kilo ili kulipia lori. Maandishi yanasema lori ni "300,500" kwa safari. Kiasi hicho kilinishtua, maana nani anadai shilingi mia tano juu ya laki tatu? Mistari miwili mbele Mweka Hazina mwenyewe anasema safari mbili ni laki saba. Gawa kwa mbili, ni 350,000. Alisema "laki tatu na nusu", programu ikaifanya nusu kuwa mia tano. Halafu anaongeza kwamba tani kumi na nne zinatosha kufidia: kilo 14,000 mara 50 ni 700,000. Hesabu imefunga, sikuhitaji hata sauti, ingawa niliisikiliza kwa usalama.

Kisha mstari huu, dakika 41 na sekunde 17:

```
MZUNGUMZAJI 2: Sawa, tutakata hamsini kwa kilo.
MZUNGUMZAJI 3: Basi hela ya lori itatoka wapi?
```

Ukisoma mstari wa kwanza peke yake, ni uamuzi. Una kitenzi, una kiasi, una "sawa". Mtu mwenye haraka anaunyanyua na kuuweka kwenye maazimio. Lakini mstari wa pili haukubali. Kama wamekubali kukata hamsini, Mzee wa mizani anauliza hela itatoka wapi kwa sababu gani? Jibu likigoma kukaa na swali lake, ujue moja kati yao limeharibika.

Nikarudisha sauti sekunde 30 nyuma. Mara ya kwanza nikasikia upepo. Mara ya tatu, kwa kasi ya nusu, ikatoka: "Sasa hatutakata hamsini kwa kilo." Ni yule mama mjumbe, wala si Mweka Hazina. "Sasa" na "ha" zimemezana, zikawa "sawa". Herufi chache, na wakulima wangekatwa fedha ambazo mmoja wao alikuwa amezikataa kwa mdomo wake.

Saa 8 mchana. Umeme umerudi. Nikamfuata Mwenyekiti mwisho wa ajenda, maana huko ndiko uamuzi unakokaa kama upo. Anasema, "Haya, tumekubaliana." Tumekubaliana nini? Neno hilo likija bila kitu chake, narudi nyuma mpaka kwenye hoja ya mwisho iliyotajwa kabla yake. Hoja hiyo ilikuwa kukodi lori kwa safari mbili. Ya hamsini ilikuwa imeachwa dakika sita nyuma na hakuna aliyeirudia, hata kwenye mengineyo.

Kingine kilichonichukua muda ni saa ya kupakia. Upepo ulimeza maneno, kwenye maandishi ikabaki "saa 11" tu. Asubuhi au jioni? Nikasikiliza, mtu anasema "kabla jua halijachomoza". Nikaandika saa 11 alfajiri, nikaweka dakika pembeni.

Saa 10 jioni nikawa na kurasa mbili. Nanakili sehemu ya lori kama nilivyoituma:

Uamuzi: Chama kitakodi lori kwa safari mbili, 350,000 kila safari. Kupakia saa 11 alfajiri. (Dakika 47)

Kilichobaki: Fedha ya lori itatoka wapi. Pendekezo la shilingi 50 kwa kilo halikupitishwa wala kufungwa. Tarehe ya safari ya pili haikutajwa.

Misimamo: Mweka Hazina anataka makato ya 50 kwa kilo. Mama mjumbe anayakataa (41:17). Mzee wa mizani mwanzoni alipinga lori, baadaye akalikubali kwa sharti kwamba makreti yapimwe mwenyewe akiona. Kuhusu makato aliuliza tu, hakusema upande wake. Wajumbe wengine hawakusikika wakisema lolote juu ya makato.

Hiyo sentensi ya mwisho Katibu huwa haipendi. Huniambia niandike "wajumbe waliafiki". Siwezi, kunyamaza kwa mtu sikukusikia kwenye hedifoni kama ndiyo.

Saa 12 kasoro simu ikaita. "Dada, umekosea. Hamsini tulipitisha, Mwenyekiti kashaanza kuwaambia watu."

"Shikamoo kwanza, Katibu."

"Marahaba. Lakini hamsini..."

"Nakutumia kipande kwenye Wasapu, sekunde ishirini tu. Weka sikioni, usiweke spika."

Akakata. Nikafunga kompyuta, nikaanza kufagia vumbi lililoingia mchana kutwa. Alipopiga tena, sauti ilikuwa ya chini kuliko ya kwanza.

"Aisee. Ni mama kweli. Sasa nimwambieje Mwenyekiti?"

"Mtumie hicho hicho kipande."

"Na ile ya makreti kupimwa, nayo ipo?"

"Ipo, dakika ya 44."

Nikamsikia anatafuta kalamu.