Mafundo ishirini na matatu

Nkuhungu, Dodoma, mwezi Agosti

Leo nimempeleka mwanangu wa miezi 18 kliniki kwa dozi yake ya pili ya chanjo ya surua na rubela, na dada yake wa miaka mitano alitufuata kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia nyumbani. Tulifika saa 1:20 asubuhi, tukapewa namba 23, tukatoka saa 6 kasorobo. Ninaandika usiku huu kabla sijasahau kilichofaa na kilichoharibika, maana mwezi wa tano nilikaa na watoto haohao katika ofisi moja ya serikali nikifuatilia kitambulisho, na siku ile niliaibika mbele ya ukumbi mzima.

Kosa la siku ile nimelitafakari sana. Nilitoa kila kitu nilichokuwa nacho katika nusu saa ya kwanza: biskuti zote, juisi yote, kitabu cha picha, na kisha simu. Simu iliwatuliza hadi chaji ilipokwisha, na ilipozimika hawakurudi katika hali waliyokuwa nayo kabla ya kuipata, bali walilia kana kwamba nimewanyang'anya. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na mtoto mmoja amelala sakafuni akirusha miguu, na mwingine anataka chooni kwa sababu ya ile juisi. Tangu hapo nimeamini kwamba uchache wa vitu si taabu kubwa kama kuvitoa vyote kabla foleni haijaanza kusogea.

Kwa hiyo safari hii jana jioni nilichana khanga kuukuu nikapata utepe mwembamba mrefu. Tulipopewa namba tu, nilimweleza binti yangu kwamba mbele yetu kuna watu ishirini na wawili, naye afunge fundo moja kwa kila mtu na la mwisho liwe letu. Kila namba ikiitwa, atafungua fundo moja. Kufunga peke yake kulimchukua karibu nusu saa, kwa kuwa vidole vya miaka mitano havina haraka, na kila alipopotea katika hesabu alianza upya bila kulazimishwa. Nilimsisitiza asikaze, kwani fundo lililokazwa halifunguki kwa vidole vyake na mchezo hugeuka ugomvi. Ncha moja niliifunga kwenye mpini wa kikapu, ili utepe usije ukazungushwa shingoni mwa mdogo wake.

Wazo la kwanza lilikuwa kuhesabu kwa kokoto, nikaliacha kwa sababu ya huyo mdogo, ambaye kila anachokiokota hupita kwanza mdomoni. Kipimo ninachotumia nyumbani ni kile kiini kigumu cha karatasi ya chooni: kitu kinachopita ndani yake kinaweza kumpalia mtoto mdogo, kwa hiyo hakikai karibu naye. Kipimo hicho kinaondoa karibu kila kitu kinachouzwa nje ya geti la kliniki. Karanga za kukaanga ni hatari kwake, ubuyu wenye mbegu vilevile, na zabibu, ambazo msimu huu zimejaa Dodoma yote na kila mwenye beseni anakusogezea kishada, ni za kuogopwa zaidi kwa kuwa ni laini, zinateleza, na zinaziba koo kama kizibo. Nilikuja na zabibu zangu nikiwa nimeshazikata nyumbani kwa urefu, kila moja vipande vinne, ndani ya kopo lenye mfuniko. Pamoja nazo nilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha na maji. Juisi niliiacha.

Kwa mdogo mafundo hayana maana, kwani mtoto wa miezi kumi na minane hajui foleni ni nini. Anachotaka ni kutia na kutoa, kufunika na kufunua, na kutembea. Nilimbebea vitu vitano tu, kila kimoja kimefungwa ndani ya kitambaa chake: kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kijiko cha mbao, soksi iliyotiwa soksi nyingine ndani, kopo tupu la mafuta ya kujipaka, na kitana kipana. Nilitoa kimoja, na alipokichoka nilikirudisha kikapuni kabla hajakitupa, kisha nikamtembeza kidogo ndipo nikatoa cha pili. Kufungua kitambaa kulimchukua muda sawa na kuchezea kilichomo. Kilichorudishwa kikapuni kikikaa nusu saa, kinatoka kikiwa kipya machoni pake.

Hatukukaa ndani. Korido ile ilikuwa na watoto wa chanjo na watoto wenye kikohozi kwenye benchi moja, nami sikuona sababu ya kumweka aliye mzima hapo kwa saa nne. Tulikaa nje chini ya mwarobaini, ambako upepo wa Agosti unapuliza vumbi lakini hewa inapita. Hofu ya kukaa nje ni kupitwa na namba, kwa hiyo niliongea na dada mmoja mwenye namba 21 aliyekaa karibu na mlango, tukakubaliana kwamba yeye atanipungia mkono, nami nitamshikia mwanawe akienda chooni. Yeye ndiye aliyekuwa akionyesha vidole kila namba ilipoitwa, na binti yangu akawa anamwangalia kwa makini kuliko mwalimu.

Mambo yalikwenda vizuri hadi namba 9. Hapo foleni ilisimama kwa dakika zipatazo arobaini, na ndipo nilipoona udhaifu wa utepe wangu: mtoto anayeweza kuiona foleni ikipungua anaiona pia ikikwama. Binti yangu aliuliza mara ya kwanza, mara ya tatu, mara ya sita, kisha kwa hasira akafunga fundo jipya akasema watu wameongezeka. Nilienda kumuuliza muuguzi, naye akanieleza kwa upole. Chupa moja ya chanjo ya surua na rubela ina dozi kumi. Chanjo yenyewe ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa haikai zaidi ya muda wa saa sita, inayobaki inamwagwa. Alikuwa na watoto wanne tu wa miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo alikuwa akiwasubiri wengine wafike ili asifungue chupa kwa wachache, na wakati huohuo alikuwa akijaza daftari la waliokwisha kupimwa uzito. Ningejua mapema ningeuliza swali hilo asubuhi nilipochukua namba, maana kujua kwamba tutakwama ni tofauti na kukwama ghafla. Wakati mwingine nitauliza, na utepe nitautoa baada ya chupa kufunguliwa.

Niliuzungusha utepe nikauweka kikapuni, tukaingia kwenye michezo isiyohitaji kitu. Nyama nyama nyama ni mchezo wa kelele, nasi tulikuwa hatua chache kutoka wodi, kwa hiyo niliubadilisha: mimi nilitaja kwa sauti ya chini nyama ya mbuzi, nyama ya kuku, na wao wakapiga goti kwa kiganja badala ya kuitikia, nikitaja nyama ya kiti, viganja vinabaki hewani. Ukimya ukawa ndio mchezo wenyewe. Watoto wengine wanne walijisogeza bila kualikwa, na mdogo wangu, ambaye hakuelewa lolote, alipiga goti lake kila mara akachekwa kila mara, akafurahi. Tulipochoka tukahamia vitendawili, lakini cha kwanza tu, kile cha nyumba isiyo na mlango, kilijibiwa na watoto wote kwa pamoja kwamba ni yai, na muuguzi akachungulia dirishani. Vitendawili ni vya nyumbani.

Chakula nilikitoa wakati huo wa kukwama, si kabla, nikakigawa mara mbili. Chooni tuliwahi namba ilipokuwa 17, wote watatu, kwa kuwa nimejifunza kwamba haja ya mtoto huja pale jina lake linapoitwa.

Kwenye mzani hatukupata shida, na hilo lilinishangaza, kwani mara iliyopita alipotiwa kwenye ile kaptula ya kuning'inia alilia mpaka sindano ya mzani ikakataa kutulia. Jana jioni mimi na baba yake tulimtia ndani ya khanga, kila mmoja akashika ncha zake, tukamning'iniza na kumbembeza kidogo mara tano au sita. Leo alipoinuliwa alitazama juu akingoja kubembezwa.

Kuhusu sindano, dada yake aliniuliza kama itamuuma. Nilimwambia itauma kama mwiba, kisha itaisha, na kwamba kazi yake ni kusimama mahali mdogo wake atakapoweza kumwona. Zamani nilikuwa nikisema haiumi hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu alipokuwa na umri wa mdogo wake hakuniamini tena kwenye mlango wowote wenye koti jeupe. Mdogo nilimpakata wima kifua kwa kifua, miguu yake nimeibana kati ya mapaja yangu, mkono wake wa kulia umepita chini ya kwapa langu, na mkono wa kushoto, unaochomwa, nimeushika kwenye kiwiko. Koti na shati nilikuwa nimeyalegeza tangu namba 20. Bado ananyonya, kwa hiyo nilimweka kwenye ziwa kabla muuguzi hajakaribia, naye hakunikataza. Aliachia, akalia kwa ukali, akarudi kunyonya kabla pamba haijaondolewa begani.

Muuguzi alituambia tukae dakika kumi na tano hivi kabla ya kuondoka ili aone kama chanjo haijamletea tatizo. Hapo ndipo nilipotoa simu, wakaangalia picha za harusi ya mama yao mdogo, na simu ikarudi mkobani bila kilio kwa sababu tulikuwa tunasimama kwenda nyumbani.

Fundo la ishirini na tatu lilikuwa bado halijafunguliwa. Mdogo alikuwa amelivuta wakati tunasubiri na likakaza kabisa, na dada yake alikataa kuondoka kliniki likiwa limefungwa, akisema bado tumo kwenye foleni. Nilimsihi tulifungulie njiani. Tulilifungua kwa meno ndani ya bajaji, karibu na nyumbani, yeye akishika ncha moja na mimi nyingine, mdogo amelala katikati.