Laini ya mama, pesa ya mama

Mama yangu yuko Kibosho, juu ya Moshi mjini, na hajawahi kuwa na akaunti ya benki. Hela yake inakuja kidogo kidogo: ndizi, maziwa, na tunachomtumia sisi watoto. Kushuka mjini kwa nauli ili aweke elfu tano benki ni hasara, kwa hiyo benki yake ni simu.

Nilipoanza kupanga matumizi yake vizuri, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga *106# kwenye simu yake ili kuhakiki usajili. Jina lililotokea ni la binamu yangu. Wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, mama alikuwa bado hajapata namba ya NIDA, binamu akamsaidia. Wema mtupu, lakini kwa mtandao mwenye pesa ni yule aliyesajiliwa. Simu ikipotea, mama hawezi kurudisha laini bila binamu, na binamu yuko Mwanza.

Tulisubiri aje likizo. Tukatoa salio lote kwanza, tukaenda wote watatu duka la mtandao mjini kuhamisha laini iwe kwa jina la mama. Kazi ikawa vidole. Mikono iliyoshika jembe maisha yote imefutika alama, mashine ikakataa kidole baada ya kidole. Dada wa dukani akampa kitambaa, akamwambia, "Futa taratibu mama, tujaribu gumba." Gumba la kushoto likakubali.

Baada ya hapo nikageukia makato. Mama alikuwa akipokea elfu thelathini na kuitoa elfu tano tano, kila mara akikatwa. Ada ya kutoa inakwenda kwa ngazi za kiasi, na kwa hela ndogo inauma kuliko kwa kubwa. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 alirudi kabisa kwenye kibubu, na simlaumu. Sasa umeme namnunulia mimi moja kwa moja kwa namba ya mita yake, kisha namtumia tokeni zile tarakimu ishirini aingize. Dawa za ng'ombe analipa kwa lipa namba. Hiyo hela haipiti kwa wakala hata kidogo. Inayobaki, ya nyama, bodaboda na sadaka, anaitoa mara moja, nami naongeza ya kutolea.

Kinachonishinda bado ni Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, kila mtu anataka keshi, na wakala wa pale kijijini anakuwa na floti tele lakini droo tupu. Salio unaliona kwenye simu, huwezi kununua nalo mbuzi. Kwa hiyo ya sikukuu namtumia mwanzoni mwa mwezi, aitoe kabla mabasi ya Dar hayajaanza kujaa.