Nilivyoutetea mradi ambao hesabu zilisema tuukatae

Kazi yangu ni kuandaa hesabu za miradi inayopelekwa kwenye kamati ya uwekezaji. Kampuni yetu inafunga na kutengeneza vyumba vya baridi vya kuhifadhia bidhaa. Idara ya ufundi ilileta pendekezo la kufunga vihisi kwenye vyumba vya wateja, ili hitilafu ionekane kwetu kabla bidhaa hazijaharibika, na mteja alipie huduma hiyo kila mwezi. Nitataja kiasi kwa milioni tu, bila sarafu, na namba nimezizungusha.

Gharama ya kuanza ilikuwa 120. Nilipokusanya mapato ya miaka yote na kuyarudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha 12% kwa mwaka, maana fedha ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo, nilipata 102. Mradi ulikuwa na upungufu wa 18. Idara ya ufundi ilijibu kwamba hesabu haijaona imani ya wateja, jina la kampuni, wala yale tutakayojifunza. Walikuwa na hoja, lakini kamati haiwezi kupigia kura neno "mkakati". Mwenzangu mmoja alishauri tushushe kiwango hadi 8% kwa kuwa mradi ni wa kimkakati. Nilikataa. Ukifanya hivyo mara moja, kila idara itakuja na mradi wa kimkakati, na hakuna atakayejua tena upungufu halisi ni kiasi gani.

Nilichofanya kwanza ni kuligeuza swali. Badala ya kuuliza imani ya wateja ina thamani gani, swali ambalo hakuna anayeweza kulijibu, niliuliza ingepaswa kuwa na thamani gani ili upungufu uzibike. Kwa 12%, upungufu wa 18 ukisambazwa kwenye miaka 5 ni sawa na 5 kwa mwaka. Mteja mmoja wa mkataba wa matengenezo anatuachia nusu milioni kwa mwaka baada ya gharama zote. Kwa hiyo mradi ulihitaji wateja 10 ambao wangeondoka, wabaki nasi miaka yote mitano. Nilihakikisha pia kwamba faida hiyo haikuwa imeshahesabiwa ndani ya ile 102, maana ni rahisi sana kuihesabu mara mbili.

Hilo sasa lilikuwa swali la mkuu wa mauzo, si la falsafa. Alifungua majalada ya wateja 24 ambao hawakuongeza mikataba mwaka uliopita, akasoma sababu moja baada ya nyingine. Tisa walikuwa wameondoka baada ya chumba kuharibika usiku na bidhaa kuoza kabla mtu hajajua. Alisema, "Wengine kati ya hawa tungebaki nao. Wote, siwezi kuahidi." Jibu lake lilikuwa la kweli, na lilinionyesha kwamba tulikuwa karibu na mstari lakini hatukuwa na uhakika wa kuuvuka. Kamati isingetoa 120 kwa jibu la namna hiyo.

Hapo ndipo kujifunza kulipopata bei. Ile 102 ilikuwa wastani wa hali mbili tofauti kabisa. Kama wateja watakubali kulipia, mapato kwa thamani ya leo ni 180, na tuliona uwezekano wake ni 40%. Kama wataitaka huduma bure tu, mapato ni 50, kwa uwezekano wa 60%. Ukianza na mradi mzima, unanunua hali zote mbili kwa pamoja. Lakini ukianza na jaribio la mwaka mmoja kwa gharama ya 12, una haki ya kuendelea au kuacha. Tangu mwaka 1977, Stewart Myers alipoipa fikra hiyo jina, wataalamu wa fedha wanaiita chaguo halisi.

Tuseme jaribio halikosei kabisa. Likionyesha hali nzuri, tunawekeza 120 na kubaki na 60. Kwa kuwa ni mwaka ujao, leo hiyo ni 53.6, na 40% yake ni 21.4. Toa gharama ya jaribio, zinabaki 9.4. Hali ikiwa mbaya tunaacha, na tumepoteza 12 tu badala ya 70. Mradi uleule uliokuwa na upungufu wa 18 sasa una ziada, na bado sijamhesabu hata mteja mmoja aliyebaki.

Watetezi wengi wa miradi huishia hapo, na mimi nadhani ndipo penye hatari. Hakuna jaribio lisilokosea. Niliweka jaribio linalosema kweli mara 80 kwa 100, ziada ikageuka upungufu wa 2.4, kwa sababu kila tunapodanganywa kwamba hali ni nzuri tunapoteza 70. Jaribio lilipaswa kusema kweli walau mara 84 kwa 100 ndipo lirudishe gharama yake.

Kwa hiyo mjadala mkali haukuwa juu ya vihisi bali juu ya nani aingie kwenye jaribio. Idara ya mauzo ilileta orodha ya wateja 20, wote wakubwa, wa siku nyingi, walio karibu na karakana yetu. Hao wangesema ndiyo hata kama soko lote linasema hapana. Tuliomba hao 20 wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha nzima ya wateja, wahudumiwe na mafundi wa zamu ya kawaida, na baada ya miezi ya bure watozwe bei kamili bila punguzo. Kukubali kwa maneno hakukuhesabika. Kilichohesabika ni malipo.

Kisha tuliandika kanuni ya kuacha kabla kihisi cha kwanza hakijafungwa, wajumbe wakaisaini: wakilipa wateja chini ya 12, tunaacha. Tulichukulia kwamba katika hali nzuri robo tatu ya wateja watalipa, na katika hali mbaya asilimia 40. Hatari ya kuuacha mradi mzuri inapatikana hivi kwenye jedwali la kompyuta:

```
=BINOM.DIST(11,20,0.75,TRUE)
```

Jibu ni kama 4%. Hatari ya upande wa pili, kudanganywa na mradi mbaya, ni kama 6%. Kwa makosa hayo ziada inashuka kutoka 9.4 hadi takriban 6.4, lakini inabaki ziada. Namba hiyo ndiyo kamati iliyoipitisha.

Walilipa wateja 13. Wawili kati ya waliokataa walilalamikia tahadhari za uongo, simu kulia usiku na chumba kiko salama, na hilo lilirekebishwa kabla ya kuendelea na mradi mzima.

Baadaye idara ya masoko ilileta pendekezo la kudhamini mashindano ili kukuza jina, nao wakaomba hesabu ya namna hiyohiyo. Kuligeuza swali kuliwezekana: walihitaji wateja wapya 15 kila mwaka, na wao wenyewe walipoitazama namba hiyo walisema ni kubwa mno. Thamani ya kujifunza haikuwepo kabisa. Mkataba wa udhamini ulikuwa wa miaka mitatu, unalipwa wote mwanzoni, bila mahali pa kusimama. Chochote ambacho tungejifunza mwaka wa kwanza kisingebadilisha uamuzi wowote, kwa hiyo kwenye mstari wa kujifunza niliandika sifuri. Waliondoka kwenda kumwomba mwandaaji mkataba wa mwaka mmoja wenye haki ya kuongeza.