Madoa ya mashavuni na maandishi ya kwenye chupa ya sanskrini

Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilitokwa na madoa ya kahawia mashavuni, na la kulia likazidi kukolea kuliko la kushoto. Daktari wa ngozi aliyatazama, kisha akaniuliza, "Mama, kwenye daladala huwa unakaa upande gani?"

Dirishani, kulia. Asubuhi nikitoka Mbagala kwenda Posta jua linatokea mashariki, linanipiga shavu la kulia. Jioni narudi kusini na jua limehamia magharibi, linanipiga lile lile. Kufunga kioo nako hakunisaidii sana, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, lakini sehemu kubwa ya UVA inapita. Na UVA ni miongoni mwa miale inayoamsha seli za rangi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ngozi nyeusi nayo inahitaji sanskrini, yaani mafuta ya kukinga jua. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi yetu, ni kinga ya kweli, na wataalamu huikadiria kuwa sawa na sanskrini ya SPF 13 hivi, SPF ikiwa ni namba ya kiwango cha kinga ya jua, ndiyo maana ni nadra sisi kubabuka kwa jua. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua pia ni nadra kwetu, isipokuwa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao sanskrini ni kinga ya uhai. Shida yetu wengine ni kwamba seli zile zile zinazotukinga, zikichokozwa na mwanga, zinazidisha rangi. Doa la chunusi linaganda miezi, na madoa ya ujauzito yanagoma kuondoka hata ukipaka dawa nzuri kiasi gani.

Nikaenda Kariakoo kutafuta. Muuzaji akanipa chupa ya SPF 100: "Chukua hii dada yangu, ndiyo kali kuliko zote." Lakini namba ya SPF hupimwa kwa ngozi kuwa nyekundu, na wekundu huo husababishwa zaidi na UVB. SPF 30 inapitisha sehemu moja kati ya thelathini ya miale hiyo, yaani kama asilimia 3. SPF 50 inapitisha asilimia 2, na SPF 100 asilimia 1. Kwa hiyo tofauti ya 50 na 100 ni kama asilimia 1 tu ya miale hiyo, na namba hiyo peke yake haikwambii chochote cha uhakika kuhusu UVA iliyokuwa ikinisumbua mimi. Chupa ile haikuwa na neno jingine lolote la kinga. Nikairudisha.

Ya pili ilikuwa SPF 50, na chini yake imeandikwa "Broad Spectrum", maana yake inakinga UVA na UVB pia. Ilikuwa na PA++++ vilevile. Huo ni mfumo wa Japani wa kupima kinga ya UVA, na alama nne za kujumlisha ndizo za juu kabisa. Chupa za Ulaya huwa na herufi UVA ndani ya duara, kuonyesha kwamba kinga ya UVA ni angalau theluthi ya SPF iliyoandikwa. Nikapaka kidogo kwenye taya, nikatoka mlangoni kwenye mwanga. Ikaacha weupe wa majivu, kwa sababu ilikuwa na zinki nyingi.

Ya tatu nayo ilikuwa SPF 50 yenye "Broad Spectrum", ila ina rangi ya kahawia. Nikageuza nyuma kwenye orodha ya viambato nikakuta CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ni oksidi za chuma, na ndizo alizoniagiza daktari nizitafute, kwa sababu ngozi nyeusi inakolezwa hata na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao sanskrini nyingi zisizo na rangi zinauachia upite. Na kwa kuwa ina rangi, haikuniacha na majivu. Nikalipia hiyo.

Kilichobaki ni kipimo. Namba ya kwenye chupa hupatikana maabara kwa kupaka tabaka nene, miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ukipaka kijitone, kinga inashuka mno. Mimi nakamua mistari miwili iliyojaa, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kwa uso na shingo. Napaka robo saa kabla ya kutoka, narudia mchana, na tena kabla ya kupanda gari la jioni, maana jasho la Dar linaifuta.

Sanskrini haikufuta madoa. Dawa ya daktari ndiyo iliyoyafifisha, taratibu, kwa miezi. Sanskrini ilizuia jua lisiyarudishe. Niliona tofauti kwa kujipiga picha dirishani kila mwezi, saa ile ile: kwanza kingo za doa la kulia zilipoteza ukali, baadaye katikati kukafifia. Bado lipo kwa mbali, na wiki nikizembea linakolea.

Wifi yangu naye sasa anatafuta. Nimemwambia asinunue chupa iliyoanikwa juani kwenye meza ya barabarani, kwani joto linaharibu dawa iliyomo. Ikikamuliwa ikatoka majimaji yaliyojitenga na mafuta, aiache hata kama tarehe haijapita.