Siku moja kasualti Kisumu: presha ilisema 116, mkono ukasema vingine

Saa 1:30 asubuhi nilipokea zamu. Wagonjwa walikuwa wanne, wote wametulia. Nilijaza dawa kwenye toroli, kisha nikapigia maabara simu kuuliza wana painti ngapi za damu ya kundi O. Tatu. Huwa nauliza kabla sijazihitaji.

Saa 3:20 akaingia kijana wa bodaboda, miaka 23, ameshikwa bega na mwenzake. Pikipiki ilikuwa imeteleza upande wa Kondele, usukani ukamgonga chini ya mbavu za kushoto. Alikuja kwa miguu yake. Nje hakuna tone la damu, ni mchubuko tu. Mashine ikaandika presha 116/94, mapigo 112.

"Sista, si presha iko sawa?" mwenzake akauliza. "Si aende tu nyumbani apumzike?"

"Ngoja kidogo, kaka. Nimshike mkono kwanza."

Mkono ulikuwa baridi, una jasho jepesi, na nje jua la Kisumu lilishaanza kuchoma. Nikambonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, nikaachilia, nikahesabu. Rangi ilirudi baada ya sekunde 4. Kwa kawaida hazizidi 2.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu wa kilo 65 kama yeye ana damu ya lita 4 na nusu hivi. Ikianza kuvuja, vipokezi vilivyo kwenye mishipa ya shingo na karibu na moyo vinahisi msukumo umelegea na kuuarifu ubongo. Adrenalini inamwagika. Moyo unakimbia, na mishipa ya ngozi, utumbo na figo inabana ili damu iliyobaki ibakie kwa moyo na ubongo. Ule ubaridi wa mkono ni ngozi iliyonyimwa damu. Kwa kijana mwenye afya, mbinu hii inaweza kuishikilia namba ya juu ya presha mpaka karibu asilimia 30 ya damu iwe imetoka.

Namba ya chini nayo ina habari yake. Mishipa ikibana, hiyo hupanda, na moyo usiojaa vizuri husukuma kidogo kila pigo. Ndiyo maana 116 na 94 zilikuwa zimesogeleana, zikiachana kwa 22 tu. Kwa kawaida huachana kwa 40 hivi. Tena ukigawanya mapigo kwa presha ya juu, 112 kwa 116, unapata 0.97. Ikipita 0.9 mimi sitoki kando ya kitanda.

Saa 3:40 himoglobini ikarudi 13.1. Daktari mwanafunzi alifurahi, nikamwomba asiitegemee. Anayevuja hupoteza maji ya damu pamoja na chembe zake, kwa hiyo kilichobaki kina uzito uleule. Kipimo hushuka baadaye, maji ya mwilini yakishaingia kwenye mishipa au sisi tukishamwekea dripu. Altrasaundi ndiyo iliyosema kweli: weusi wa damu kuzunguka wengu, na mwingine kati ya ini na figo. Tukaweka kanula mbili nene, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, kwa dakika 10, tukaagiza damu na kuita thieta. Maji ya chumvi tulimpa kidogo tu, kwa kuwa mengi huizimua damu, huupoza mwili na kuharibu mgando.

Saa 4:15 alianza kuvuta barakoa ya oksijeni, akiniuliza pikipiki iko wapi, mara tatu, kama hajanisikia nikimjibu. Presha: 72, mapigo 138. Hakushuka polepole, alianguka kama ukuta uliolowa chini. Seli zilizokosa oksijeni kwa muda zinatengeneza asidi, na kwenye asidi mishipa inaacha kuitikia adrenalini, inalegea. Moyo nao umekimbia hadi hauna nafasi ya kujaa wala kujilisha. Yote yaliyokuwa yakimshikilia yaliachia kwa pamoja. Kama tungengoja namba hii ndipo tuite damu, tungekuwa tumechelewa.

Painti ya kwanza iliingia tukimsukuma kwenda thieta, nimemfunika mablanketi mawili. Daktari wa upasuaji alikuta wengu umepasuka na karibu lita 2 za damu tumboni. Akautoa.

Mchana wote ulikuwa wa kikohozi, mikono iliyokatwa na makaratasi.

Saa 11:30 jioni, kabla ya kukabidhi zamu, nilipanda wodini. Presha 112/70, mapigo 92. Mfuko wa mkojo ulionyesha mililita 40 kwa saa iliyopita. Figo zilikuwa zimerudishiwa damu yake. Nikambonyeza ukucha. Sekunde 2. Mkono ulikuwa na joto.