Nilivyopanga upya majina ya bidhaa zetu 7 baada ya "Spesho" kutuchanganya

Niseme mapema, jina la chapa yetu silitaji hapa, tuiite Tunu. Tunasindika vyakula Morogoro, mimi na dada yangu na vijana 4, tulianza na unga wa lishe tu, pakiti ya kilo moja, na kwenye lebo imeandikwa TUNU basi. Kipindi hicho jina halikuwa na shida kwasababu bidhaa ilikuwa moja, mtu akisema "nipe Tunu" anapewa Tunu.

Shida ilianza tulipoongeza vitu. Kila bidhaa ikija tunakaa jioni tunatafuta jina zuri, yani lile linalopendeza siku hiyo. Unga usio na karanga tukauita Tunu Spesho. Siagi ya karanga ya kawaida ikawa Tunu Nati, ile yenye sukari nayo tukaiita Tunu Spesho. Masala ya pilau dada akaipa Malkia wa Pilau (hilo alilipenda kweli), halafu ile ya pilau yenye pilipili ikawa Malkia Spesho, na masala ya chai tukaiita Tunu Gold, ukiniuliza gold imetokea wapi mpaka leo sijui. Bidhaa 7, Spesho 3, na kila Spesho ina maana yake.

Siku moja asubuhi mwenye duka wa Kihonda akatuma wasap: "Kaka niletee Spesho katoni 2". Kijana wa stoo akapakia siagi ya karanga. Kumbe jamaa alitaka unga, tena usio na karanga, maana ana kastoma mama mmoja ambaye mtoto wake akila karanga anavimba midomo. Nikampigia kuomba radhi akaniambia, "Mimi nimeandika jina mlilobandika nyinyi wenyewe kwenye pakiti, sasa kosa langu liko wapi?" Sikuwa na jibu. Hapo nikaona hili sio la kijana wa stoo, ni la kwetu sisi tunaotoa majina.

Nikachukua daftari nikachora safu 3: jina lililopo, kitu chenyewe ni nini, na kinatofautiana vipi na ndugu yake wa karibu. Ukichora hivyo unaona aibu haraka. Neno Spesho lilikuwa linamaanisha "bila karanga" kwenye unga, "na sukari" kwenye siagi na "na pilipili" kwenye masala. Gold haikumaanisha kitu. Na Malkia wa Pilau ilikuwa imejitenga kabisa, watu wengi walikuwa hawajui kuwa ni ya Tunu, kwahiyo sifa ya unga wetu haikuisaidia hata kidogo, tukawa kama tunatangaza kampuni mbili kwa hela ya moja.

Nikaangalia wakubwa wanafanyaje. Bakhresa ameweka Azam kwenye unga, juisi, aiskrimu, hadi boti na televisheni, na neno linalofuata linakwambia kitu chenyewe. Lakini maji yake yanaitwa Uhai, yana jina lao. Safaricom wa Kenya nao, M-Shwari yao ya akiba na mikopo ya 2012 imebeba ile M ya M-Pesa ukaona undugu, halafu Fuliza, ile ya kukukopesha salio lisipotosha, ikaja bila M yoyote na watu wakaizoea mpaka wanasema nimefuliza. Ila pale kuna kampuni yenye uwezo wa kutangaza jina jipya kila siku nchi nzima. Mimi mwenye matangazo ya wasap status sina ubavu wa kulea majina mawili, kwahiyo nikaamua jina mama ni moja na linatangulia popote.

Mpangilio ukawa huu: Tunu kwanza, kwa herufi kubwa, mahali palepale kwenye kila pakiti. Neno la pili ni kile kitu kama mtu anavyokiita jikoni: Uji, Karanga, Pilau, Chai. La tatu ni tofauti, na linawekwa pale tu ambapo kuna ndugu wawili wa kutofautishwa.

Hilo neno la tatu ndo lilinitesa. Mwanzoni nilitaka "Tamu" kwa vitu vyote vyenye sukari. Tunu Karanga Tamu, safi. Tukawa tunapanga pia uji wenye sukari, nikamwambia dizaina aandike Tunu Uji Tamu, akanitazama akasema bro hiyo ni uji mtamu. Kweli bana! Kiswahili kina ngeli, neno lileile linabadilika: karanga tamu, uji mtamu, viungo vitamu. Ukichagua sifa ya namna hiyo, ama majina yako yatakuwa hayafanani, ama utaandika kosa la sarufi kwenye lebo walimu wakucheke. Mpya, kubwa, kali, bora vikae kwenye mizani kabla hujachagua: hizo 3 za mwanzo zinabadilika, bora haibadiliki. Laini, safi, halisi nazo haziguswi na ngeli. Na njia nyepesi kuliko zote ni kutumia "na" au "bila".

Mwisho tukapata: Tunu Uji, Tunu Uji bila Karanga, Tunu Karanga, Tunu Karanga na Sukari, Tunu Pilau, Tunu Pilau na Pilipili, Tunu Chai. Dizaina alilalamika kwamba hayana mvuto, dada akalilia Malkia wake wiki nzima. Nikasema mvuto tuuweke kwenye rangi na picha, jina lifanye kazi ya jina.

Kabla ya kuprinti nilifanya jaribio la voisi noti. Nikawatumia wenye maduka 5 oda ya kubuni kwa sauti, kelele za soko nyuma, wao waniandikie walichosikia. Jina nililokuwa nalipenda kwa uji wa watoto, Tunu Lea, lilirudi "Rea" mara mbili, nikalifuta palepale. Bila Karanga lilirudi sawa kwa wote 5.

Faida nyingine niliiona BRELA, wale wanaosajili biashara, nilipofuatilia usajili wa alama yetu ya biashara. Maneno kama karanga au pilau huwezi kuyamiliki peke yako kwasababu yanaeleza tu bidhaa, kwahiyo cha kusajili kwetu ni Tunu. Kule bidhaa zimegawanywa kwa madaraja na kila daraja lina maombi yake: unga na viungo viko daraja la 30, siagi ya karanga daraja la 29, maombi mawili badala ya kuhangaika na kila jina la kuchekesha. Usajili wa kwanza ni miaka 7, ukihuisha unapata 10. Ukitaka Zanzibar ni usajili mwingine kule kwao.

Lebo za zamani zilikuwa zimebaki nyingi, sikuzitupa. Tulibandika stika ndogo mbele yenye jina jipya na chini yake "zamani Spesho", tukaenda hivyo miezi 4 hadi zikaisha. Kwenye fomu ya oda pia jina la zamani lilikaa pembeni.

Juzi dada kaja na wazo la sabuni ya maji, anataka iitwe Tunu Sabuni. Kwa mpangilio wetu inakaa vizuri kabisa, ila nimekataa. Mama anayekorogea mtoto uji wa Tunu sitaki aione Tunu ikitoa povu kwenye ndoo ya deki. Sabuni itapata jina lake na lebo yake, na dada keshaniambia anataka iitwe Malkia.